Kuandaa taarifa ya uzinduzi kwa wauzaji: mfano wa jiko la presha la umeme

Bidhaa mpya inapokaribia kuingia dukani, ofisi nyingi huwapa wauzaji faili nene la picha na sifa za kiufundi, kisha kazi inaachwa kwao. Siku ya kwanza mteja anauliza, "Hili si litanimalizia LUKU?" Faili lina wati, lita na rangi tatu za mfuniko, lakini jibu la swali hilo halimo. Muuzaji anabahatisha, na mteja anaondoka akisema atarudi.

Mwongozo huu unahusu karatasi na kikao kinachozuia hali hiyo: taarifa ya ndani kwa wauzaji, yenye ujumbe mkuu, pingamizi za wateja na majibu yake. Nitafuata mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kampuni ya vyombo vya nyumbani jijini Dar es Salaam inaleta jiko la presha la umeme la lita 6, lenye nguvu ya wati 1,000, litakalouzwa shilingi 180,000. Litauzwa na wauzaji wa madukani pamoja na mawakala wanaozunguka mitaani. Kampuni na bei ni za mfano. Hesabu za umeme ni za kweli kwa viwango ninavyovijua, na hatua ya pili itaonyesha kwa nini lazima uzipige mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kusanya pingamizi kabla hujaandika sifa

Kawaida watu huanza na sifa za bidhaa, halafu jioni ya mwisho wanaongeza ukurasa wa maswali wanayodhani wateja watauliza. Maswali ya namna hiyo huwa ya upole mno, kwa sababu yametungwa na watu wanaoipenda bidhaa. Geuza mpangilio. Wiki tatu kabla ya uzinduzi, tafuta sababu zitakazomfanya mteja akatae.

Zinapatikana sehemu tatu. Ya kwanza ni wauzaji wenyewe: kaa nao dukani nusu siku, sikiliza wateja wanasema nini wanapoangalia raisi kuka na majiko ya umeme ya sahani yaliyopo tayari. Ya pili ni fundi wenu wa matengenezo, ambaye anajua vitu gani hurudishwa na mteja hulalamika kwa maneno gani. Ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kuwapa jiko watu wanne au watano wasio wafanyakazi walitumie nyumbani kwa wiki moja. Chagua nyumba tofauti: mwenye nyumba yake, mpangaji anayechangia LUKU na wenzake, mama lishe, kijana anayeishi peke yake.

Andika kila pingamizi kwa maneno yaleyale ya mteja. "Linakula umeme" na "wasiwasi kuhusu gharama za nishati" ni kitu kimoja ofisini, ila dukani muuzaji atasikia la kwanza tu. Akikuta la pili kwenye karatasi itabidi alitafsiri kichwani huku mteja anamtazama.

Kwa jiko letu, orodha baada ya wiki hiyo ingekuwa hivi: litanimalizia umeme, nitatolewa kwenye umeme wa bei nafuu, tunachangia LUKU, wenzangu watanisema, hizi presha kuka zinalipuka, umeme ukikatika chakula kinaharibika, maharage hayana ladha ya mkaa, ni ghali. Mengine yatakuwepo, lakini saba yanatosha. Ukiandika ishirini hakuna atakayesoma, na muuzaji mzoefu atakuambia kwamba matatu ya kwanza ndiyo yanayoua mauzo mengi. Yote matatu ni ya umeme, kwa hiyo nguvu nyingi ya maandalizi iende huko.

Hatua ya pili: pima, usinukuu boksi

Boksi linasema wati 1,000. Mteja anayejua umeme kidogo atapiga hesabu haraka: saa moja ni uniti moja, maharage yanachukua saa moja, basi sufuria moja ya maharage ni uniti moja. Hesabu hiyo inaonekana sawa, ila si kweli, na muuzaji lazima ajue kwa nini. Jiko hili huvuta wati zake zote mpaka presha ijae. Baada ya hapo hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi ili kutunza joto, kwa sababu mvuke umefungiwa ndani na chungu kimezungukwa na ganda linalozuia joto kutoka. Muda mwingi wa kupika, jiko halivuti umeme.

Kulithibitisha ni rahisi. Nunua kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kile kinachoonyesha kilowati-saa. Pika nusu kilo ya maharage makavu yasiyolowekwa pamoja na lita moja na nusu ya maji. Andika uniti zilizotumika na muda wote, kuanzia kuwasha mpaka mfuniko kufunguka. Rudia mara tatu, kwa sababu maharage ya zamani huchelewa kuiva kuliko mapya. Kwa jiko la ukubwa huu tarajia kitu cha karibu na uniti 0.4, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Pika pia nyama na makande, kisha andika namba mlizozipata ninyi, hata kama si nzuri kama za mtengenezaji. Muuzaji anayeweza kusema "tulipima wenyewe" husimama tofauti na anayesema "kampuni inasema."

Sasa geuza uniti kuwa shilingi. Mteja wa kawaida wa TANESCO aliye kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na kama 356 pamoja nazo. Mteja mdogo wa nyumbani aliye D1 hulipa 100 kabla ya kodi, na 122 baada yake, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo sufuria ya maharage inayotumia 0.4 ni kama shilingi 143 kwa wa T1 na kama 49 kwa wa D1. Kabla ya kuchapisha, hakiki bei inayotumika kwenye tangazo la EWURA, na andika chini ya karatasi tarehe mliyohakiki. Bei ya umeme ikibadilika, karatasi ya zamani inakuwa na uongo ambao hakuna aliyekusudia kuusema.

Kuna vipimo viwili zaidi ambavyo si vya pesa. Chomoa jiko katikati ya mapishi, dakika ya ishirini, uone linafanya nini umeme ukirudi: linaendelea lilipoishia, au linasubiri ubonyeze tena? Aina hutofautiana, na muuzaji akikosea hapa mteja atajua usiku huohuo. Pia lichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya bei rahisi, uguse waya baada ya robo saa. Kama umepata joto, umepata sentensi moja ya onyo kwa karatasi yako.

Hatua ya tatu: chagua ujumbe mkuu, tatu tu

Ujumbe mkuu ni ile sentensi ambayo muuzaji ataikumbuka hata baada ya kupoteza karatasi. Lazima iwe kitu anachoweza kukitamka bila haya mbele ya mama anayenunua vitunguu. Andika, kisha isome kwa sauti. Ikisikika kama tangazo la redio, ifute.

Kwa jiko hili ningeweka hizi:

"Maharage yasiyolowekwa yanaiva ndani ya saa moja hivi, na wewe hukai jikoni."

"Sufuria moja ya maharage ni umeme wa shilingi mia na hamsini hivi, tumepima wenyewe."

"Ukilifunga halifunguki mpaka presha iishe, hata mtoto akilivuta."

Ona zinavyoelekea kwenye pingamizi. Ya pili inajibu hofu ya LUKU kabla haijatamkwa, ya tatu inajibu hofu ya kulipuka. Ndiyo faida ya kuanza na hatua ya kwanza. Ya pili pia imetumia bei ya T1, iliyo juu, na kuipandisha mpaka mia na hamsini. Ukitaja bei ya D1 kwa kila mtu, nusu ya wateja watakuja kusema wamedanganywa. Ukitaja ya juu, aliye D1 atafurahi.

Chini ya kila ujumbe weka mistari miwili: ushahidi wake, na mteja unayemfaa zaidi. Ushahidi wa ule wa kwanza ni kipimo chenu chenye muda wa kuwasha mpaka kufungua. Wapo wauzaji wanaotaja dakika za presha peke yake na kuficha zile za kupandisha joto na kushusha mvuke. Mteja akikaa na saa nyumbani ataona. Mteja wa kumwambia ujumbe huu kwanza ni anayerudi nyumbani saa moja jioni.

Kishawishi kikubwa hapa ni kuongeza ujumbe wa nne kuhusu nishati safi. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Wakubwa ofisini watataka hilo likae juu kabisa. Mimi ningeliweka mstari mmoja nyuma ya karatasi, muuzaji alijue akiulizwa. Mama aliyeshika shilingi 180,000 anawaza sufuria yake, LUKU yake na moshi unaomwingia machoni. Asilimia 80 ya taifa haimsaidii kuamua.

Kuna neno moja nisilolitaka kabisa kwenye karatasi hii: "linapika kila kitu." Halipiki. Ugali unahitaji kusongwa juu ya moto ulio wazi na chungu kisichozunguka, chapati zinataka chuma, na kukaanga samaki wengi kwenye chungu kirefu ni taabu. Muuzaji akiuza jiko hili kama mbadala wa jiko zima la nyumba, litarudi dukani baada ya wiki mbili likiwa na mikwaruzo ya mwiko. Mwambie aliuze kama jiko la vyakula vigumu: maharage, makande, nyama, kwato, choroko, pamoja na wali. Mteja abaki na jiko lake lingine la ugali.

Hatua ya nne: andika majibu yanayosemeka

Jibu zuri la pingamizi lina sehemu tatu zinazofuatana: kubali kwamba hofu ina msingi, eleza kwa sentensi moja au mbili, kisha onyesha kitu au uliza swali litakalomfanya mteja apige hesabu yake mwenyewe. Sehemu ya tatu ndiyo inayouza. Nitayaandika manne kwa kirefu.

*"Linakula umeme."*

Muuzaji: "Ni haki kuuliza, mama, maana jiko la sahani linakula kweli. Hili linavuta umeme mpaka presha ijae, halafu linajizima lenyewe na kupika kwa mvuke. Tumepima hapa dukani, nusu kilo ya maharage haikufika nusu uniti. Wewe sasa hivi ukichemsha maharage, mkaa unaowasha ni wa shilingi ngapi?"

Kisha anyamaze. Mteja akisema elfu moja, hesabu imeshafanyika kichwani mwake. Usimwandikie muuzaji bei ya mkaa kwenye karatasi. Bei ya mkaa hubadilika kwa mtaa na kwa msimu, na mteja anaijua kuliko ninyi. Akisikia namba isiyo ya kwao ataacha kuamini hata ile ya umeme.

*"Nitatolewa kwenye umeme wa bei nafuu."*

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo ambalo karatasi nyingi hulikwepa. Anayeuliza hivi yuko D1 na anajua kwamba akizidi uniti 75 kwa mwezi, zile za ziada hulipiwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi, na akizoea kuzidi anaweza kuhamishiwa T1. Muuzaji asimjibu "usijali." Apige hesabu naye.

Sufuria moja nzito kila siku ni uniti 0.4 mara 30, yaani 12 kwa mwezi. Mwenye kutumia uniti 50 atafika 62. Bado yuko ndani, na ongezeko lake ni kama shilingi 1,460 kwa mwezi. Huyo ni mteja wetu bila shaka. Mwenye kutumia 70 atafika 82. Atalipa saba za ziada kwa bei kubwa, na gharama yake itapanda kama shilingi 3,600. Akija kuhamishiwa T1, umeme wake wote utatoka kama shilingi 8,500 mpaka karibu 29,000 kwa mwezi, hata kama jiko lenyewe limetumia uniti 12 tu.

Jibu la kuandika basi ni hili: "Dada, mwezi uliopita ulitumia uniti ngapi? Kama ni chini ya sitini, uko salama ukipika mara moja kwa siku. Kama umekaribia sabini, nakuambia ukweli, lipikie maharage na nyama mara mbili tatu kwa wiki, usizidishe." Mara tatu kwa wiki ni kama uniti tano kwa mwezi. Sabini na tano ni palepale kwenye mpaka, na ndiyo sababu muuzaji aseme "usizidishe" kwa mkazo.

Wateja wengi hawajui wako kundi gani. Mpe muuzaji njia ya kutambua: amwulize, ukinunua umeme wa shilingi 5,000 unapata uniti ngapi? Aliye T1 hupata kama 14, aliye D1 kama 41. Ununuzi wa kwanza wa mwezi usitumike, kwa sababu kodi ya jengo hukatwa humo na namba hupungua. Swali hili moja linafaa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Ndani ya nusu dakika muuzaji anajua azungumze kwa bei ipi, na mteja anaona huyu mtu anaielewa LUKU.

*"Tunachangia LUKU, wenzangu watanisema."*

Mpangaji huyu haogopi gharama sana, anaogopa ugomvi. Nyumba ya wapangaji wanne wenye mita moja mara nyingi imeshapita uniti 75 zamani, kwa hiyo hesabu ni ya T1: kama shilingi 4,300 kwa mwezi akipika kila siku. Jibu: "Kaka, wenzako wanaliogopa kwa sababu hawajui linatumia kiasi gani. Andika uniti za mita kabla ya kupika na baada ya kupika siku moja mbele yao, vyombo vyao vikiwa vimezimwa. Wataona haifiki nusu. Halafu kubalianeni uongeze elfu tano yako kila mwezi." Jibu hili halikutungwa ofisini, lilitoka kwa yule mpangaji wa majaribio ya hatua ya kwanza. Majibu bora mara nyingi huwa hivyo.

*"Hizi presha kuka zinalipuka."*

Asibishane. Wengi wameona au kusikia habari za presha kuka ya jikoni iliyorusha mfuniko na maharage mpaka darini, na anayekanusha anaonekana mwongo. Aseme: "Nyingi kati ya zile za zamani za kuweka motoni hazikuwa na kufuli. Hili lina kufuli, tazama." Hapo aonyeshe kijipini kidogo cha mfunikoni kinachopanda presha ikijaa na kuuzuia mfuniko usizunguke. Kama jiko la maonyesho lina maji na limewashwa, amwachie mteja ajaribu kuufungua mwenyewe. Halafu aongeze onyo, kwa sababu usalama una masharti yake: chungu kisijazwe zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage au nafaka kisizidi nusu, maana huvimba na povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke. Kabla ya kupika ahakikishe tundu hilo ni safi na mpira wa mfuniko umekaa vizuri.

Matatu yaliyobaki yanajibiwa kwa ufupi. Umeme ukikatika, usifungue. Joto lililofungiwa huendelea kuivisha kwa muda, na umeme ukirudi fanya hivi (weka hapa matokeo ya kipimo chenu cha kuchomoa). Ladha ya mkaa kwenye maharage hutoka zaidi kwenye kuunga kuliko kwenye kuchemsha, kwa hiyo chemsha humu, unga unavyopenda. Mteja anayesisitiza kwamba nyama bila moshi si nyama, mwacheni. Kuhusu bei, usimpe muuzaji ruhusa ya kupunguza kiholela. Mpe utaratibu ulio wazi, kwa mfano malipo ya awali na awamu mbili, na aandikiwe kiasi cha kila awamu, kwani hesabu ya kichwani mbele ya mteja ndipo makosa hutokea.

Hatua ya tano: weka mipaka

Nyuma ya karatasi weka kisanduku cha yasiyosemwa na wasiouziwa. Yasiyosemwa: linapika kila kitu, halitumii umeme, haliharibiki, na waranti inafunika kila kitu. Taja waranti inafunika nini hasa, na kwamba mpira wa mfuniko ni kitu cha kuchakaa. Andika bei yake na duka unakopatikana. Kama mpira haupo stoo siku ya uzinduzi, uzinduzi usubiri. Jiko la presha lenye mpira uliochanika linavujisha mvuke na halifikii presha, na mteja atasema "limekufa."

Wasiouziwa ni wachache: mwenye umeme mdogo wa sola, mwenye nyumba ambayo taa hufifia kila akipiga pasi, na anayetaka jiko la kupikia watu arobaini. Lita 6, zikijazwa nusu kwa maharage, zinalisha familia na wageni wawili watatu, basi. Muuzaji anayejua kusema "hili halikufai" hupoteza mauzo moja na kuokoa marejesho moja pamoja na maneno ya mtaani.

Hatua ya sita: endesha kikao chenye maharage

Karatasi iwe moja, pande mbili, iliyochapishwa. Mbele: bei, tarehe ya kuanza kuuza, idadi iliyopo kila duka, kamisheni, ujumbe tatu. Kamisheni iwe juu. Usipoiweka, nusu ya kikao watu watakuwa wanaiwaza na mmoja atakatiza kuiuliza. Nyuma: pingamizi na majibu, swali la elfu tano, kisanduku cha mipaka, na simu ya mtu wa kumuuliza. Andika pia wazi kwamba taarifa ni ya ndani na bei haiwekwi kwenye stetasi ya WhatsApp kabla ya tarehe ya uzinduzi. Bei ikivuja wiki moja mapema, wenye duka la jirani hupata muda wa kushusha ya kwao.

Kikao kichukue saa moja na nusu, asubuhi kabla ya maduka kuchangamka, siku mbili au tatu kabla ya uzinduzi. Wiki mbili kabla ni mapema mno, watasahau. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya salamu ndefu za meneja, ni kuweka maharage jikoni mbele ya wote, kuchomeka kipima umeme na kuandika muda ubaoni. Mwombe muuzaji mmoja apime maji na kufunga mfuniko, si wewe. Kisha wape dakika kumi kukisia kwa maandishi: litatumia uniti ngapi?

Wakati jiko linafanya kazi, pitia ujumbe tatu haraka, kama dakika kumi na tano. Saa nzima inayobaki ni ya pingamizi. Ziandike kwenye vikaratasi, zitie kwenye kikombe, kila mmoja achomoe na kumjibu mwenzake aliyejifanya mteja. Mchague anayejifanya mteja kwa makini: muuzaji mzoefu kuliko wote, mwenye mdomo. Yeye ataleta mbinu halisi, kama kugusa jiko, kuguna, na kusema "kwa jirani ni laki na nusu." Msikilizaji aangalie mambo mawili tu: je, aliyejibu alikubali hofu kabla ya kueleza, na je, alimaliza kwa swali au kwa kuonyesha kitu. Asiyeweza hesabu ya D1 arudie papo hapo pamoja na mwenzake. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo sitamruhusu mtu aondoke bila kuiweza.

Maharage yakiiva, someni kipima pamoja na mlinganishe na makisio. Wengi watakuwa wamekisia juu, pengine uniti nzima au zaidi, na kuanzia hapo ujumbe wa pili wanausema kama watu walioona. Kuleni. Mkikuta bado magumu kidogo, msifiche: ongezeni dakika kumi, na jibu la mteja atakayepata maharage magumu litakuwa limepatikana.

Hatua ya saba: wiki ya kwanza sokoni

Fungua kundi la WhatsApp la uzinduzi lenye kazi moja: kila jioni muuzaji anaandika pingamizi alilokwama nalo, kwa maneno ya mteja, na kama mteja alinunua au la. Meneja wa bidhaa ajibu kabla ya maduka kufunguliwa kesho yake. Hongera na picha za wauzaji ziende kundi lingine, la sivyo maswali yatazama.

Mwisho wa wiki chukua yaliyojirudia mara tatu au zaidi, uyaongeze kwenye karatasi, na uondoe yale ambayo hakuna aliyeyauliza. Chapisha upya ikiwa na tarehe mpya juu, ukusanye na kuharibu za zamani, kwa kuwa karatasi mbili zenye bei tofauti dukani ni shida ya uhakika. Majiko yatakayorudishwa mwezi wa kwanza yaandikwe sababu kwa maneno ya mteja. Kama wengi wanasema "halisongi ugali," kuna mtu dukani bado anawaambia linapika kila kitu, na stakabadhi zitaonyesha ni zamu ya nani.